Ndege Ilishinda, Sababu Hatukuijua

Aliyeshinda alirusha mita 11 na ushee. Ndege yake ya karatasi ilipaa juu ya vichwa vya wenzake, ikayumba kidogo, kisha ikatua karibu na uzio wa michongoma. Darasa la sita zima lilipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani. Nikamkabidhi mshindi daftari kubwa na kalamu mbili, halafu nikamwuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kunogesha sherehe tu: "Haya, waambie wenzako, kwa nini ndege yako imekwenda mbali kuliko zote?"

Akaigeuza geuza mkononi. "Mwalimu, nimetumia karatasi ngumu. Halafu nimeikunja nyembamba. Halafu nimebana klipu hapa mbele." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa uaminifu wake wote: "Halafu na upepo ulikuja."

Watoto wakacheka. Mimi nilibaki na aibu yangu, maana somo la siku ile lilikuwa jinsi ya kufanya jaribio la kisayansi, na ubaoni nilikuwa nimeandika kwa chaki ya rangi: badilisha jambo moja, mengine yote yaache kama yalivyo. Nimeandaa shindano la kufundisha kanuni hiyo, na zawadi nimempa mtoto aliyebadilisha mambo matatu kwa mkupuo, na la nne akaletewa na bahari.

Shule yetu iko Tanga, si mbali na maji. Asubuhi na mapema hewa hutulia kiasi kwamba bendera hulala kwenye mlingoti. Ikifika saa nne au saa tano, nchi kavu ikishapata joto, upepo unaanza kuingia kutoka baharini na hauachi mpaka jioni. Shindano letu lilianza saa nne kasoro na likaisha saa tano na nusu. Waliorusha mwanzo walirusha katika hewa tulivu, wa mwisho walirusha wakiwa na upepo mgongoni. Mshindi alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Simtuhumu kwa lolote. Nasema tu kwamba foleni ile peke yake ilitosha kuharibu matokeo, hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa.

Na hakikuwa sawa. Karatasi wengine walichana katikati ya daftari, wengine walileta za kuchapia kutoka kazini kwa wazazi, na mmoja alikuja na jalada la kalenda. Karatasi ya kuchapia ya kawaida imeandikwa gramu 80 kwenye pakiti yake, maana yake meta moja ya mraba ya karatasi hiyo ina gramu 80. Karatasi 16 za ukubwa wa A4 zinatimiza meta moja ya mraba, kwa hiyo moja ina gramu 5. Ya daftari ni ndogo zaidi na laini zaidi, na mabawa yake hupinda yenyewe yakirushwa kwa nguvu. Kuzishindanisha hizo mbili ni kama kumpambanisha mkimbiaji aliyevaa viatu na aliyevaa kandambili, halafu kusifu miguu.

Juma lililofuata nilianza upya. Hakukuwa na zawadi. Nilinunua pakiti moja ya karatasi, kila kikundi kikapata mbili kutoka pakiti ileile, na tukahamia ndani ya bwalo na madirisha tukayafunga. Kabla ya kulinganisha ndege na ndege, nilitaka tujue jambo moja dogo: ndege ileile, ikirushwa na mtu yuleyule, inaenda umbali gani?

Nilimchagua binti mmoja mtulivu wa dawati la mbele. Ndege ilikuwa ile ambayo watoto wenyewe wanaiita roketi: unakunja karatasi katikati kwa urefu, unaleta pembe mbili za mbele mpaka kwenye mstari, unaleta tena, kisha unashusha mabawa. Akasimama vidole vya mguu vikiwa nyuma ya mstari wa chaki, akarusha mara tano. Tulipata mita 7.2, kisha 9.1, kisha 6.4, 8.8 na 7.0.

Walinuna. Mmoja akasema dada huyu hajui kurusha, apewe mwingine. Tukampa mwingine, naye namba zake zikaruka vilevile. Wastani wa yule binti ulikuwa mita 7.7, lakini kati ya mrusho wake mfupi na mrefu kulikuwa na tofauti ya mita 2.7, na hakuna chochote tulichobadilisha. Hapo nikarudi kwenye karatasi ya matokeo ya shindano la kwanza. Nafasi ya pili hadi ya tisa zote zilikuwa zimebanana ndani ya mita mbili, na kila mtoto alirusha mara moja tu. Tungerudia shindano lile kesho yake, watoto walewale na ndege zilezile, orodha ingepanguka yote.

Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapopita haraka tunapofundisha. Tunamwambia mtoto arudie mara tatu kwa sababu kitabu kimesema mara tatu. Hatumwonyeshi kwamba anarudia ili aujue ukubwa wa mchezo wa namba zenyewe, namba zinavyocheza hata pasipo sababu. Akishajua kwamba ndege yake inacheza kwa mita mbili na zaidi, hatakuja tena kukwambia kwamba ndege iliyokwenda mita 8.8 imeishinda iliyokwenda 7.9.

Jambo hilohilo lilitatua ugomvi wetu wa vipimo. Shule haikuwa na futi kamba ndefu siku ile, tulitumia futi ya fundi cherehani yenye sentimita 150, ile laini ya kuviringisha. Kupima mita saba na ushee unailaza mara tano. Kikundi kimoja kiligundua kwamba mwenzao alikuwa anaanzia kwenye alama ya 1 badala ya mwanzo kabisa wa futi, hivyo kila alipoilaza alijiongezea sentimita moja. Wakaja mbio kushtaki. Nikawauliza: mara tano ni sentimita ngapi? Tano. Na ndege yenu inacheza kwa sentimita ngapi? Wakaangalia daftari, mia mbili na hamsini. Kosa tulilisahihisha, maana kosa ni kosa, lakini tuliacha kuandika milimita. Kuanzia hapo kila umbali tuliuandika kwa kukadiria sentimita kumi zilizo karibu. Mtoto anayeandika mita 7.236 kwa ndege ya namna hii anajidanganya kwa nadhifu.

Kosa lililotugharimu zaidi halikuwa la futi, lilikuwa la makubaliano. Tunapima mpaka wapi? Kwenye sakafu ya saruji ndege inagusa chini kisha inateleza, wakati mwingine nusu mita, wakati mwingine mita nzima kama sakafu imefagiliwa vizuri. Wengine walipima pua ilipogusa, wengine mkia uliposimama. Tukaamua: pua, na mahali inapogusa kwanza. Hilo ni rahisi kusema, kuliona ni kazi. Mtoto mmoja lazima asimame pembeni na chaki mkononi, asiangalie kitu kingine chochote, akimbie kuweka alama kabla ndege haijamaliza kuteleza.

Kisha kuna ndege zinazokata kona. Moja ilitua mita 7.5 mbele ya mstari lakini mita 4 pembeni. Ukivuta futi moja kwa moja kutoka mguuni kwa mrushaji hadi kwenye pua, unapata mita 8.5. Ukipima kwenda mbele tu, unapata 7.5. Mita nzima imetokea hewani, kwa kuchagua namna ya kupima. Wote wawili wana haki, ila hawawezi kuandika kwenye jedwali moja. Tuliamua kuvuta futi kutoka mguuni hadi puani, kwa sababu tulikuwa tunauliza ndege inafika mbali kiasi gani, hatukuuliza kama inanyooka. Kwa swali la kunyooka tungepima ile mita 4 ya pembeni na kuachana na nyingine.

Sasa tukawa tayari kwa jaribio lenyewe. Watoto walitaka klipu. Tangu siku ya shindano, klipu ilikuwa imepata sifa ya dawa, kila mtu anaamini ndiyo iliyoshinda. Vikundi vingi viliandika swali hivi: je, ndege yenye klipu inakwenda mbali kuliko isiyo na klipu? Wakarusha bila klipu, wakabana klipu puani, wakarusha tena, wakaona imeongezeka. Jambo moja tu limebadilika, nikaridhika, nikaanza kusahihisha madaftari kwa vema kubwa.

Mtoto mmoja wa nyuma, huyu nilikuwa namhesabu katika wasumbufu, akauliza: "Mwalimu, imesaidia kwa sababu ni nzito au kwa sababu iko mbele?"

Nikaweka kalamu chini. Ukiongeza klipu puani umefanya mambo mawili kwa tendo moja. Umeongeza uzito wa ndege nzima, na umesogeza uzito huo mbele. Mkono umegusa kitu kimoja, ndege imebadilika mara mbili. Nilikuwa nafundisha kanuni ile kwa miaka kadhaa nikidhani kitu kimoja ni kile ambacho mkono umegusa.

Tukajadiliana namna ya kuyatenganisha, na jibu lilitoka kwao: klipu iwepo siku zote, isogezwe tu. Uzito hautabadilika, mahali patabadilika. Tulibana klipu moja kwenye tumbo la ndege, ile sehemu ya chini unayoishika, kwa mahali patatu: karibu na pua, katikati, na karibu na mkia. Klipu yenyewe ni ndogo lakini si ya kudharau. Tulilaza rula juu ya penseli kama mizani, karatasi moja iliyokunjwa upande huu na klipu upande ule, na zikahitajika klipu kama kumi kulingana nayo. Kwa hiyo kila klipu ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndege.

Hapo likaja swali la ndege ngapi. Ukitengeneza ndege tatu, moja kwa kila mahali pa klipu, kila moja itakuwa imekunjwa tofauti kidogo, na milimita mbili za kosa kwenye bawa zinatosha kuigeuza ndege. Ukitumia ndege moja, inachakaa. Pua inagonga ukuta inajikunja, karatasi inalowa jasho la viganja, na hapa pwani hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha kuilegeza. Ukirusha kwanza mara tano za puani, kisha tano za katikati, kisha tano za mkiani, ndege ya mkiani ni kuukuu kuliko ya puani, na mrushaji naye amechoka au amezoea. Umebadilisha mambo mawili tena, safari hii bila kugusa kitu chochote cha ziada.

Tulichagua ndege moja kwa kila kikundi na tukazungusha zamu: puani, katikati, mkiani, kisha tunarudi puani, mpaka kila mahali papate mirusho mitano. Uchakavu ukiwepo, unagawanywa kwa wote. Inachosha, klipu inabanwa na kubanduliwa mara kumi na tano, na watoto wawili waliniuliza kama kweli kuna haja. Nikawaambia wajaribu vyote viwili kama wana muda. Hawakuwa nao.

Kikundi cha yule msumbufu ndicho kilichoandika vizuri zaidi. Klipu ikiwa puani walipata mita 8.9, 9.6, 8.1, 9.3 na 8.6. Wastani ni mita 8.9. Katikati walipata wastani wa 7.8, mirusho yao ikianzia 6.7 na kuishia 9.0. Mkiani, wastani wa 3.4, na mrusho mrefu kuliko yote ulifika 4.1.

Nikawaambia wasiniambie wastani kwanza, wachore mstari sakafuni na kuweka alama zote kumi na tano kwa chaki za rangi tatu. Ukiangalia sakafu ile huhitaji hesabu. Alama za mkiani zimejikusanya peke yao nyuma kabisa, hata iliyo mbele kuliko zote haijafika popote karibu na nyingine. Hilo limekwisha: klipu mkiani inaharibu ndege, uzito ukiwa uleule. Lakini rangi ya puani na rangi ya katikati zimeingiliana. Mrusho mmoja wa katikati, mita 9.0, umewapita watatu wa puani. Wastani unasema puani ni bora kwa mita 1.1, sakafu inasema inaelekea hivyo, rusheni zaidi. Waliandika hivyohivyo daftarini, na niliwapa alama zote, ingawa mwalimu mkaguzi akiliona jibu lisilofunga swali huenda asingelipenda.

Sababu ya mkiani unaweza kuiona kwa macho. Ndege ikitoka mkononi pua inainuka, inainuka zaidi, kisha inasimama hewani kama inayofikiri, na kuanguka. Mkia mzito unavuta nyuma chini, bawa linakabili hewa kwa mwinuko mkali, na hewa haiwezi tena kulifuata bawa kwa juu, inakatika, na nguvu ya kubeba inapotea. Uzito ukiwa mbele, pua ikiinuka kidogo mabawa ya nyuma yanairudisha chini. Mshale nao una chuma mbele na manyoya nyuma, na nilipoutaja mshale sikulazimika kueleza zaidi. Ila mbele nako kuna mpaka. Kikundi kimoja kilibana klipu tatu puani, ndege ikapiga mbizi moja kwa moja hadi sakafuni.

Kikundi kingine kilipata matokeo ya ajabu: mkiani ndege yao ilikwenda sawa na ya katikati. Nilikaribia kuwaambia wamekosea, nikajizuia, nikakaa kuwatazama. Mrushaji wao, kabla ya kila mrusho, alikuwa ananyoosha mabawa kwa vidole, tabia ya mkono tu. Klipu ikiwa mkiani, na yeye alikuwa ameshaona ndege inapiga pua juu, vidole vilikuwa vinashusha kingo za nyuma za mabawa kidogo, labda milimita tatu. Kingo hizo zikielekea chini, mkia unanyanyuka na pua inashuka. Alikuwa anaiponya ndege bila kujua. Tukaweka sheria: anayebana klipu ndiye anayempa mrushaji ndege, mrushaji anashika tumbo tu. Matokeo ya ajabu yakaondoka.

Mrushaji ndiye kitu kigumu kuliko vyote kukifunga. Hata Wamarekani waliovunja rekodi ya dunia ya umbali mwaka 2012, mita 69.14, waligawana kazi: John Collins alikunja, na Joe Ayoob, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani, akarusha. Rekodi hiyo imeshapitwa, mwaka 2022 ilifika mita 88.31, lakini mgawanyo ule niliupenda, niliusimulia darasani, na tangu hapo kila kikundi kina mkunjaji mmoja na mrushaji mmoja hadi mwisho. Tulijaribu pia manati, mpira uliofungwa kwenye miguu ya dawati na kuvutwa hadi alama ya sentimita 30, ukinasa kwenye mkato chini ya pua. Tofauti kati ya mirusho ilishuka ikawa kama mita moja. Tatizo, baada ya mirusho sita au saba mkato unachanika, na ukiuimarisha kwa gundi ya karatasi umeongeza uzito puani. Tukarudi kwenye mkono.

Mwaka huu shindano lipo tena, na zawadi ipo. Ila hatupimi ndege ya nani imekwenda mbali. Kila kikundi kinaleta jambo moja ambalo kinadai linabadilisha umbali, na kinakabidhi ndege yake kwa kikundi kingine kirushe. Wageni wakipata tofauti ileile, wenye dai wanapata alama. Wasipoipata, alama wanapata wageni, kwa hiyo hakuna anayerusha kwa upendeleo, au niseme upendeleo unavuta upande wa pili, na hilo bado sijalipatia dawa.

Mshindi wetu wa mwanzo sasa yuko sekondari. Alipita shuleni mwezi uliopita kumchukua mdogo wake, akakuta tunafunga madirisha ya bwalo. Akaomba karatasi mbili. Akakunja roketi mbili mbele ya watoto, akazipandanisha kuhakikisha zinalingana, kisha ya pili akaipunguza pua kwa kuikunja ndani sentimita mbili. Nikamwambia, sasa umeifupisha na pia umesogeza uzito. Akaitazama, akaifunua ile pua taratibu, akaniuliza kama nina klipu.